Nimeshusha TTL ya MX hadi 300 tangu saa kumi, mbona bado nasoma 86400?

FundiShangani · Ijumaa, saa 11:20 jioni

Asalam alaykum wanajamvi. Nina jambo linanitia wasiwasi na hapa ofisini sina wa kumuuliza.

Ni kampuni ya kutembeza wageni, ofisi Mji Mkongwe na tawi dogo Chake Chake, vikasha vya barua 38. Barua na tovuti zote ziko kwenye hosti ya pamoja yenye cPanel. Leo saa nne usiku nahamishia barua kwenye seva mpya, tovuti inabaki ilipo. DNS tunaiendesha wenyewe kwa BIND: ns1 ipo hapa ofisini, ns2 ipo kwenye mashine ya kukodi nje ya nchi. Yote nimeyarithi kwa fundi aliyenitangulia, naye hakuacha hata karatasi moja.

MX ilikuwa ikifuata TTL ya zoni nzima, 86400, yaani siku kamili. Leo saa kumi alasiri nikaipa ya kwake:

```
$TTL 86400
@   300   IN   MX   10 barua.mfano.co.tz.
```

(Domeini nimeibadilisha jina kwa ajili ya hapa.) Nikabadilisha na namba ya SOA, nikapakia zoni upya. Sasa nikiuliza kupitia Unbound ya ofisini, mara napata 300, mara 86400. Nikamwaga kache yote nikauliza tena, ikaja 86400 mbichi, haijapungua hata sekunde. Hiyo ndiyo inayonichanganya. Kama kache imemwagwa, hii ya zamani inatoka wapi?

Na swali la pili: nikibadilisha MX saa nne usiku, ndani ya dakika tano dunia nzima itakuwa imejua?

---

NgalawaMbovu · Ijumaa, saa 11:31 jioni

Huna shida hapo. Uliza 8.8.8.8, ikikupa 300 basi imeshasambaa. Hiyo Unbound yenu ina wazimu, izime uiwashe. TTL ikiwa 300 maana yake ndani ya dakika tano kila mtu anauliza upya. Hama tu.

---

FundiShangani · Ijumaa, saa 11:36 jioni

8.8.8.8 imenipa 300. Nimeuliza mara ya pili ikanipa 13,000 na kitu. Ya tatu 300 tena. Sasa ndo sielewi kabisa.

---

Karafuu_Kavu · Ijumaa, saa 11:40 jioni

Sisi barua zetu huchelewa sana kuingia kwenye simu, wakati mwingine robo saa nzima. Kwa hiyo na mimi nikiweka TTL 60 zitakuwa zinaingia haraka?

---

Bi_Mkunazini · Ijumaa, saa 11:58 jioni

Karafuu, hapana ndugu yangu. TTL haigusi mwendo wa barua. Inasema tu mtu aliyeshauliza "barua za domeini hii zipelekwe wapi" akae na jibu lake muda gani kabla ya kuuliza tena. Hiyo robo saa ya simu yako ni mpangilio wa simu, mara ngapi inachungulia kikasha.

FundiShangani, usihame leo. Swali lako la kwanza na la pili ni jambo moja. Usimuulize Unbound wala 8.8.8.8, hao ni wabebaji wa habari za watu. Nenda kwa wenyewe wawili, mmoja mmoja:

```
dig +noall +answer MX mfano.co.tz @ns1.mfano.co.tz
dig +noall +answer MX mfano.co.tz @ns2.mfano.co.tz
dig +short SOA mfano.co.tz @ns1.mfano.co.tz
dig +short SOA mfano.co.tz @ns2.mfano.co.tz
```

Seva yenye zoni yenyewe haihesabu kurudi nyuma, inatoa namba ile ile kila ukiiuliza. Anayehesabu kurudi nyuma ni yule aliyetunza jibu la mwenziwe. Kwa hiyo ukiona 86400 mbichi mara baada ya kumwaga kache, kuna mwenyewe mmoja bado anaitoa. Leta majibu.

---

FundiShangani · Ijumaa, saa 12:14 jioni

Haya:

```
mfano.co.tz.   300     IN   MX   10 barua.mfano.co.tz.
mfano.co.tz.   86400   IN   MX   10 barua.mfano.co.tz.
```

Ya juu ns1, ya chini ns2. Na namba za SOA: ns1 inasema 2025061301, ns2 inasema 2205031101.

---

Bi_Mkunazini · Ijumaa, saa 12:22 jioni

Isome namba ya ns2 taratibu, tarakimu kwa tarakimu.

---

FundiShangani · Ijumaa, saa 12:25 jioni

Subhanallah. 2205. Mwenzangu alikusudia 2025 akageuza tarakimu, mwezi wa tatu. Mimi nikaandika tarehe ya leo bila hata kutazama iliyokuwapo.

---

Bi_Mkunazini · Ijumaa, saa 12:37 jioni

Ndiyo hiyo. Ns2 huwa haisomi ulichobadilisha, inatazama namba tu. Ikiona ya ns1 imezidi ya kwake inachukua zoni mpya. Ikiona ni ndogo inajiona iko mbele, inakaa kimya na zoni yake ya mwezi wa tatu. Kwako namba imerudi nyuma. Tazama logi ya ns1 saa ile ulipopakia upya, BIND huwa inalalamika kwa maneno `has gone backwards`, lakini nani anasoma logi wakati kila kitu kinaonekana kwenda.

Dawa ya leo ni nyepesi. Usipigane na tarehe. Chukua namba kubwa uliyonayo uongeze moja, 2205031102, upakie zoni. Namba haina maana ya tarehe kwa mashine, ni desturi yetu sisi watu. Kuna njia ya kuirudisha kwenye tarehe halisi kwa hatua mbili, lakini si kazi ya usiku wa kuhama.

Kisha uliza ns2 tena mpaka ikupe 300. Saa hiyo, siyo saa kumi, ndiyo saa yako inaanza kuhesabiwa.

---

FundiShangani · Ijumaa, saa 12:52 jioni

Nimepakia saa moja kasoro kumi. Haikumaliza dakika, ns2 imeshika, inatoa 300. Shukrani sana Bi Mkunazini.

Kwa hiyo saa nne usiku niko sawa sasa?

---

NgalawaMbovu · Ijumaa, saa 1:03 usiku

Nilikwambia ni 300. Hama.

---

Bi_Mkunazini · Ijumaa, saa 1:15 usiku

Ngalawa, dakika tano ni za watu watakaouliza kuanzia sasa. Sasa mfikirie wakala wa kule Ulaya ambaye seva yake imeuliza leo saa 12:49, dakika moja kabla Fundi hajarekebisha, na swali lake likaangukia ns2. Amepewa jibu lenye muhuri wa siku nzima. Hilo 300 jipya hajaliona na hatalitafuta, kwa sababu analo jibu mkononi na ameruhusiwa kukaa nalo mpaka kesho saa 12:49 jioni. Ukibadilisha MX leo saa nne, barua zake zote za usiku na za kesho mchana zitakwenda kugonga mlango wa zamani.

Kwa hiyo unasubiri TTL ya zamani iishe, siyo mpya. Kesho saa moja usiku hakuna mtu mwenye haki ya kushika jibu la siku nzima. Weka kuhama kesho saa nne, umejipa saa tatu za ziada. Hapo dakika tano zitakuwa dakika tano kweli.

Na zile namba za 8.8.8.8: siyo mashine moja yenye kache moja. Ni kache nyingi, kila swali linaweza kuangukia tofauti, ndiyo maana anaona mara 300 mara 13,000. Tena wao hawatunzi zaidi ya saa sita hata ukiandika siku, kwa hiyo ni kioo kibaya cha kutazamia watu wengine. Wanao ukurasa wa kumwaga jina moja kwenye kache yao, lakini utamwaga ya kwao tu, ya wakala wako huiwezi.

---

MtuWaWete · Ijumaa, saa 2:40 usiku

Hili la kusubiri nalijua kwa machungu. Mwaka juzi skuli moja huku Pemba ilibadilisha seva, mimi ndiye fundi. Nikashusha TTL ya MX siku mbili kabla, nikasubiri kama Bi alivyosema, nikajiona mwanachuoni. Siku yenyewe sikubadilisha MX hata kidogo, kwa sababu jina la seva lilibaki lile lile, `mail.` na domeini. Kilichobadilika ni anwani ya IP ya hilo jina. Na rekodi A ya hilo jina TTL yake ilikuwa 14400, sikuigusa. Saa nne nzima barua zinakwenda kwenye mashine iliyozimwa.

Nilipotulia ndipo nikaona upumbavu wangu. MX inampa mtu jina tu, kisha anauliza jina hilo liko IP gani, na hilo jibu la pili lina saa yake peke yake. Nilipobahatika ni kwamba mashine ilizimwa kabisa, barua zikakaa kwenye foleni za watumaji zikafika baadaye. Mwalimu mkuu hakujua mpaka leo.

---

FundiShangani · Ijumaa, saa 2:55 usiku

Kwangu jina linabadilika, `barua.` inakuwa `posta.`, na A ya posta nimeiandika tangu Jumatano. Bosi nimemwambia kesho, amenuna kidogo lakini amekubali.

Swali jengine. Baada ya kuhama, vile vikasha 38 vya kwenye cPanel nivifute mara moja? Nahofia watu wataendelea kufungua kule.

---

NgalawaMbovu · Ijumaa, saa 3:10 usiku

Futa. Barua ikikuta kikasha hakipo inagoma, mtumaji anajaribu tena, mara ya pili anakuta MX mpya. Mwenyewe MtuWaWete kakwambia zilikaa foleni.

---

Bi_Mkunazini · Ijumaa, saa 3:34 usiku

La, yakhe, hapo utawaumiza watu. Za MtuWaWete zilikaa foleni kwa sababu mlango haukuwepo. Seva ya mtumaji ikikosa mtu wa kuzungumza naye, au ikijibiwa kwa namba inayoanza na 4, inaweka barua pembeni na kurudi tena, na kanuni ya SMTP inataka isikate tamaa kabla ya siku nne tano hivi. Lakini mlango ukiwa wazi na ukajibu 550, mtu huyu simjui, hilo ni jibu la mwisho. Hakuna kurudi. Barua inarejeshwa kwa mgeni aliyetaka kuja Paje na maelezo ya Kiingereza kwamba anwani yenu haipo, naye anatafuta kampuni nyengine.

Wewe uko hosti ya pamoja, huwezi kufunga mlango wa 25 wa watu wote. Basi viache vikasha vyote 38 wazi, badilisha paswedi ili wafanyakazi wasiingie, wewe uzijue. Kisha pitisha `imapsync` kutoka zamani kwenda mpya mara tu baada ya kuhama, na tena kesho yake. Kitakachopotea njia utakizoa.

---

KusiTupu · Jumamosi, saa 4:15 asubuhi

Nimesoma uzi wote. Bi Mkunazini kasema kweli tupu, ila nina ubishi kidogo. Mimi nimehamisha barua tangu enzi zile umeme ulipokatika Unguja miezi mitatu, ile ya Disemba 2009 mpaka Machi 2010, ofisi zinaenda kwa jenereta. Sijawahi kushusha TTL hata siku moja. Nabadilisha MX, naacha seva ya zamani inapokea wiki nzima, nazoa. Kama unazoa, kusubiri kwa nini? Siku ya kwanza barua zinagawanyika kushoto na kulia, sawa, lakini hakuna inayopotea.

---

Bi_Mkunazini · Jumamosi, saa 5:02 asubuhi

Maalim, kwa kwenda mbele sibishani nawe, kuzoa kunatosha. Mimi nashusha kwa ajili ya kurudi nyuma. Seva mpya ikikataa saa nne na nusu usiku, cheti kibovu, diski imejaa, lolote, mwenye TTL 300 anarudisha MX ya zamani na baada ya dakika tano hakuna kilichotokea. Mwenye 86400 atakuwa amewapa watu jibu bovu la siku nzima, na hao hana namna ya kuwafikia. Seva ya zamani unaizoa kwa sababu inapokea. Mpya isiyopokea utaizoa nini?

---

KusiTupu · Jumamosi, saa 5:20 asubuhi

Hapo umenishika mguu mmoja. Lakini mimi hujaribu seva mpya siku tatu kabla sijahama.

---

FundiShangani · Jumapili, saa 8:30 mchana

Taarifa. Nilihama jana saa nne usiku. Saa nne na dakika nne barua ya kwanza kutoka nje ikaingia seva mpya. Kwenye vikasha vya zamani ya mwisho kutoka nje iliingia saa nne na dakika tatu, kisha kimya. Asubuhi nikapitisha `imapsync`, safi.

Halafu saa tatu asubuhi dada wa mapokezi ananiambia hajapata ombi hata moja la safari kutoka kwenye fomu ya tovuti, na Jumapili huwa hazikosi. Nimetazama logi ya seva mpya, hakuna alama. Nimefungua kikasha cha zamani: maombi 11 yamelala mle, yote ya baada ya kuhama. MX ninayoiona kila mahali ni mpya. Ni TTL hii tena?

---

MtuWaWete · Jumapili, saa 8:41 mchana

Tovuti iko kwenye mashine ile ile ya cPanel? Basi siyo TTL. Mashine ile haiulizi DNS kabisa.

---

Bi_Mkunazini · Jumapili, saa 9:05 alasiri

MtuWaWete kamaliza. Fomu inatuma kutoka kwenye mashine ambayo bado inaamini kuwa domeini yenu ni ya nyumbani kwake. Barua ikielekezwa kwa mtu wa nyumbani, haitoki nje kuuliza MX, inaiweka kikashani hapo hapo. Hata ungeweka TTL sekunde moja. Kwenye cPanel fungua Email Routing, utakuta imeandikwa Local Mail Exchanger.

Wengi watakwambia ugeuze Remote Mail Exchanger saa hii hii. Itatibu fomu, ndiyo. Lakini ukishageuza, mashine inakataa kupokea barua za domeini yenu kutoka nje, na inakataa kwa lile jibu la mwisho la 550. Kama bado kuna mtumaji mmoja anayegonga mlango wa zamani, wa kwake zitarejeshwa. Upo naye?

---

FundiShangani · Jumapili, saa 9:40 alasiri

Nimepekua. Yupo mmoja. Wakala wetu wa siku nyingi, barua yake imeingia kikasha cha zamani leo saa sita mchana. Nimesoma mstari wa `Received:`, imetoka nje, seva yake mwenyewe, siyo fomu. Saa kumi na nne baada ya kuhama.

---

NgalawaMbovu · Jumapili, saa 9:52 alasiri

Huyo kache yake imekwama. Mpe siku moja.

---

Bi_Mkunazini · Jumapili, saa 10:20 alasiri

Inawezekana, wapo wanaopuuza TTL ndogo na kushika jibu kwa muda wautakao wenyewe. Au fundi wao aliandika njia ya kwenu kwa mkono miaka iliyopita, IP moja kwa moja. Ukipita mchana wa kesho bado yumo, mimi nitaamini la pili.

Kwa sasa usiguse Email Routing. Ibadilishe fomu yenyewe: itume kwa SMTP kupitia seva mpya, kwa akaunti na paswedi, badala ya kuikabidhi mashine iliyopo. Hivyo fomu inapona na mlango wa zamani unabaki wazi kwa huyo mmoja.

---

KusiTupu · Jumapili, saa 10:45 alasiri

Na majirani? Hosti ya pamoja ina tovuti nyingi. Kama kuna hoteli humo humo ndani inayowaandikia, barua zake pia zinaishia kwenye kikasha cha zamani, haziulizi MX. Hao fomu haiwatibu.

---

Bi_Mkunazini · Jumapili, saa 11:10 jioni

Kweli, hao sina dawa yao isipokuwa kuzoa kila siku mpaka atakapogeuza. Ni kuchagua nani wa kumkosesha.

---

FundiShangani · Jumatano, saa 3:15 asubuhi

Fomu imepona tangu Jumapili usiku. Nazoa kila asubuhi, jana nilipata mbili za jirani kama alivyosema KusiTupu. TTL ya MX nimeipandisha hadi 3600. Bosi alitaka irudi 86400 kama zamani, KusiTupu nadhani ataungana naye, mimi nimeona saa moja inatosha na usingizi wangu unakubali.

Yule wakala bado anagonga mlango wa zamani, barua tatu tangu Jumatatu, kwa hiyo kache haiwezi kuwa. Nimempigia. Anasema fundi wao yuko likizo mpaka wiki ijayo, na paswedi za seva anazo yeye peke yake.